Kwa nini silikoni hula mwanga lakini haitaki kuutoa

Taa ndogo ya sola, ile inayouzwa madukani kote Afrika Mashariki, ina semikondakta za aina mbili, na zote mbili kazi yake ni mwanga. Juu yake, au kwenye paneli inayounganishwa kwa waya, kuna kipande cheusi au cha buluu iliyokolea. Hiyo ni silikoni, inayopokea jua mchana kutwa na kujaza betri. Upande wa pili kuna kitone cha manjano chenye upana wa milimita chache tu. Chini ya manjano hayo kuna tabaka jembamba sana la galiamu nitridi iliyochanganywa na indiamu, na hilo ndilo linalowaka usiku.

Mtu makini akiitazama taa hiyo atauliza: ikiwa silikoni inajua kugeuza mwanga kuwa umeme, kwa nini isigeuze umeme kuwa mwanga? Ni kazi ile ile, imegeuzwa tu. Kipande kimoja kingefanya yote mawili, mchana kinakusanya na usiku kinaangaza, tena silikoni ni rahisi kupatikana na viwanda vyake vimeenea. Fizikia haikatazi. Kwa kweli fizikia inasema kila kitu kinachoweza kumeza mwanga wa aina fulani kinaweza pia kuutoa. Hata hivyo, tangu taa za LED zianze kuuzwa katika miaka ya 1960, hakuna kiwanda kilichowahi kuuza taa ya kuangazia nyumba iliyotengenezwa kwa silikoni. Sababu imo katika umbo la pengo lililo ndani ya fuwele yake.

Elektroni zilizo ndani ya fuwele haziruhusiwi kuwa na nishati yoyote ile. Kuna ukanda wa chini, ambamo elektroni zimeshikwa na kazi ya kuunganisha atomi, na kuna ukanda wa juu, ambamo elektroni iliyofika huwa huru kutembea na kubeba umeme. Kati ya kanda hizo mbili kuna pengo la nishati ambamo elektroni haiwezi kukaa. Kwa silikoni, katika joto la kawaida la chumbani, pengo hilo ni elektronivolti 1.12. Kwa galiamu asenidi ni 1.42, na kwa galiamu nitridi ni kama 3.4. Ukitaka kujua pengo hilo linalingana na mwanga gani, gawanya 1,240 kwa namba hiyo, utapata urefu wa wimbi kwa nanomita. Silikoni inakupa kama nanomita 1,100, ambao ni mwanga wa infraredi. Jicho la binadamu huishia kwenye wekundu wa kama nanomita 700.

Mwanga wenye nishati inayotosha ukigonga fuwele, elektroni huruka kutoka ukanda wa chini kwenda wa juu, na kule ilikotoka hubaki tundu. Elektroni ikirudi kuanguka katika tundu, nishati ile lazima itoke, na inaweza kutoka ikiwa fotoni moja ya mwanga. Vitabu vingi vya shule huishia hapo. Lakini kuna hesabu ya pili ambayo fuwele huifuata kwa ukali uleule, nayo ni ya momentamu.

Elektroni ndani ya fuwele hutembea kama wimbi. Wimbi likiwa fupi, momentamu ni kubwa; wimbi likiwa refu, momentamu ni ndogo. Elektroni inapohama kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine, nishati haina budi kulingana kabla na baada, na momentamu vilevile. Sasa angalia galiamu asenidi. Sehemu ya chini kabisa ya ukanda wake wa juu, ambako elektroni huru hupenda kutulia, iko pale ambapo momentamu ni sifuri. Kilele cha ukanda wa chini, ambako matundu hukusanyika, nacho kiko kwenye sifuri. Elektroni na tundu vinakabiliana wima. Hilo ndilo pengo nyoofu.

Katika silikoni kilele cha matundu kiko kwenye sifuri pia, lakini bonde la elektroni limesogea mbali pembeni. Elektroni inayopumzika kwenye bonde hilo ina wimbi lenye urefu wa kama nanomita 0.64, karibu sawa na nafasi ambayo mpangilio wa atomi unajirudia ndani ya fuwele. Hilo ndilo pengo la mshazari: nishati ya kushuka ipo, lakini tundu haliko chini ya miguu ya elektroni.

Mtu angedhani fotoni ingeweza kuibeba momentamu hiyo ya ziada. Haiwezi. Fotoni inayotoka kwenye silikoni ina wimbi la zaidi ya nanomita 1,100, na wimbi refu maana yake ni momentamu ndogo. Ukilinganisha na nanomita 0.64 za elektroni, utaona kuwa momentamu ya fotoni ni ndogo karibu mara 1,700. Kwa hesabu za fuwele, fotoni hubeba nishati nyingi na momentamu karibu na bure.

Mtu wa pwani atalielewa jambo hili haraka akifikiria mnazi ulioinama. Ukiweka kikapu chini ya shina la mnazi uliosimama wima, nazi ikidondoka inaingia kikapuni. Ukikiacha kikapu pale pale shinani pa mnazi ulioinama, nazi itadondoka kando, labda upepo uvume kwa nguvu inayofaa, kwa upande unaofaa, wakati ule ule nazi inapokatika. Nazi zitaingia, lakini moja moja.

Upepo wa silikoni ni mitetemo ya atomi zake. Fuwele yoyote yenye joto hutetemeka, na mitetemo hiyo huja kwa vipande vilivyopimwa, vinavyoitwa fononi. Fononi ni kinyume cha fotoni kwa kila hali. Ina nishati kidogo, kwa silikoni ile inayohusika zaidi ina kama elektronivolti 0.058 tu, lakini momentamu yake inaweza kuwa kubwa kama ya elektroni yenyewe. Kwa hiyo ili silikoni itoe fotoni moja, mambo matatu lazima yakutane kwa pamoja: elektroni, tundu, na fononi inayochukua momentamu iliyozidi. Fotoni hutoka na nishati pungufu kidogo ya pengo, kwa sababu sehemu ndogo imekwenda na fononi. Hili si dhana ya makaratasi. Wapimaji wa miaka ya 1950 waliona kwenye vipimo vya silikoni iliyopozwa ngazi ndogondogo zinazolingana na nishati za fononi, na hivyo ndivyo umbo la pengo lilivyothibitishwa.

Kukutana kwa watatu ni kugumu kuliko kukutana kwa wawili, na ugumu huo unapimika kwa muda. Chukua fuwele mbili, moja ya galiamu asenidi na moja ya silikoni, zote zimetiwa kiasi kile kile cha atomi za kigeni, kiwango cha kawaida katika vifaa vya elektroniki. Ingiza elektroni moja ya ziada katika kila fuwele, kisha subiri itoe mwanga. Katika galiamu asenidi utasubiri kwa wastani kama nanosekunde 20. Katika silikoni utasubiri kama milisekunde 2. Tofauti ni ya mara laki moja.

Milisekunde 2 kwetu ni muda mfupi, na kama elektroni isingekuwa na njia nyingine ya kushuka, silikoni ingekuwa taa nzuri tu, ya polepole. Tatizo ni kwamba njia nyingine zipo. Atomi ya chuma iliyojipenyeza wakati wa kuyeyusha, nafasi iliyokosa atomi, uso wa fuwele ambao haukufunikwa vizuri: kila kasoro kama hiyo huweka kipandio katikati ya pengo, na elektroni hushuka kupitia hapo huku nishati yake ikigeuka joto. Tuseme katika fuwele zetu mbili kasoro zinakamata kila elektroni ndani ya mikrosekunde 1. Galiamu asenidi haina wasiwasi. Elektroni yake imekwisha kutoa mwanga katika nanosekunde 20, na katika kila 100, kama 98 zitatoa fotoni. Kwa silikoni, katika kila elektroni 2,000 ni moja tu itakayofanikiwa. Nyingine zote zimepasha fuwele joto.

Kwa kulinganisha, jaribu jambo moja nyumbani. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Kwenye simu nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, utaona kitone cha rangi ya zambarau kinapepesa. Hiyo ni LED ya jamii ya galiamu asenidi, inatoa infraredi ya kama nanomita 940, na betri mbili ndogo zinatosha kuiwasha kwa miaka. Pengo nyoofu linafanya kazi hiyo bila jasho.

Tuje kwenye upande wa kumeza mwanga, maana hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Sheria ni ile ile. Fotoni inayofika kwenye silikoni ikiwa na nishati inayozidi pengo kidogo tu haiwezi kuirusha elektroni wima. Inahitaji fononi ili elektroni ifike kwenye bonde la pembeni. Kwa hiyo silikoni ni mvivu wa kumeza pia. Mwanga wa nanomita 800, wekundu ulio nje kidogo ya upeo wa jicho, hupenya ndani ya galiamu asenidi chini ya mikromita 1 kabla sehemu kubwa haijamezwa. Ndani ya silikoni hupenya kama mikromita 12. Mwanga wa nanomita 1,000 hupenya silikoni kama mikromita 150, yaani unene wa seli nzima ya paneli ya siku hizi. Mwanga wa buluu hauna shida hiyo, kwa kuwa una nishati nyingi na silikoni inaumeza kabla haujapenya mikromita 1. Shida ni upande wa wekundu na infraredi, ambako jua lina utajiri mwingi.

Lakini katika kumeza, uvivu una tiba. Fotoni iliyoshindwa kukutana na fononi katika mikromita ya kwanza inaweza kukutana nayo katika ya 10 au ya 100. Unachohitaji ni unene, na unene ni kitu cha kununua. Katika kutoa mwanga hakuna tiba kama hiyo, kwa sababu elektroni imesimama pale pale ikishindana na kasoro, na huwezi kuiongezea muda kwa kuongeza silikoni. Ukizidisha silikoni umezidisha elektroni na kasoro kwa pamoja, na uwiano haubadiliki. Kwangu mimi hapa ndipo kiini cha jambo zima, na nadhani ndicho kinachokosekana katika maelezo mengi: pengo la mshazari linadhoofisha kumeza na kutoa kwa kanuni moja, ila kumeza kunaweza kulipiwa kwa unene.

Viwanda havilipi unene wote kwa silikoni. Uso wa seli ya fuwele moja huoshwa kwa magadi makali, na magadi hula fuwele kwa kufuata mpangilio wa atomi, yakiacha piramidi ndogo zenye kimo cha mikromita chache. Mwanga ukigonga piramidi huingia kwa mshazari, hufika chini, hurudishwa na tabaka la nyuma, hugonga juu kutoka ndani na kurudishwa tena. Mwaka 1982 Eli Yablonovitch alionyesha kwamba uso uliokwaruzwa vizuri unaweza kuurefusha mwendo wa mwanga hafifu ndani ya silikoni hadi karibu mara 50 ya unene wake. Ndiyo maana paneli nzuri za leo ni nyeusi tii. Weusi huo haukupakwa rangi. Ni mwanga ulioingia ukakosa njia ya kutokea.

Kuna jambo jingine lililoisaidia silikoni. Elektroni iliyorushwa kilindini, mikromita 100 kutoka juu, ina safari ndefu hadi kufika kwenye waya. Kwa kuwa haianguki upesi na kutoa mwanga, safari hiyo inawezekana, na katika silikoni iliyosafishwa vizuri elektroni inaweza kuishi zaidi ya milisekunde 1. Ucheleweshaji uleule unaoifanya taa mbaya unaipa nafasi ya kufikisha umeme. Seli bora za silikoni za maabara zimevuka ufanisi wa asilimia 27, na kikomo cha nadharia kwa silikoni ni kama asilimia 29.4.

Walioshika njia ya pengo nyoofu katika sola nao wapo. Kampuni ya First Solar ya Marekani hutengeneza paneli za kadimiamu teluridi, ambazo tabaka lake linalomeza mwanga lina mikromita chache tu juu ya kioo. Seli ya galiamu asenidi ilifikia asilimia 29.1 kwa tabaka jembamba vilevile. Galiamu asenidi ina gharama kubwa, hivyo makao yake makuu ni satelaiti. Kwenye mapaa yetu silikoni imeshinda kwa wingi wake, kwa usafi unaofikiwa viwandani, na kwa kuwa unene wake bado ni wa bei nafuu.

Historia ya LED inaonyesha upande wa pili kwa uwazi zaidi, na mchanganyiko mmoja unatosha kuieleza. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akifanya kazi katika maabara ya General Electric huko Syracuse, jimbo la New York, aliwasha kifaa kilichotoa wekundu unaoonekana kwa macho. Alichukua galiamu asenidi, ambayo mwanga wake ni infraredi, akabadilisha sehemu ya aseniki na kuweka fosforasi. Kila fosforasi ilipoongezeka, pengo lilipanuka na rangi ikasogea kutoka infraredi kuja kwenye wekundu. Kwa mantiki hiyo, ongeza fosforasi zaidi upate rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha kijani.

Haikuwa hivyo. Fosforasi ikifika kama asilimia 45, mwanga unaanguka ghafla. Sababu ni kwamba galiamu fosfidi yenyewe ina pengo la mshazari. Katika mchanganyiko kuna mabonde mawili kwenye ukanda wa juu, moja lililo wima juu ya matundu na jingine la pembeni, na yote mawili hupanda fosforasi inapoongezeka, ila lile la wima hupanda haraka zaidi. Kabla ya asilimia 45 bonde la wima ndilo la chini, elektroni hutulia humo na mwanga hutoka. Baada ya hapo bonde la pembeni linakuwa la chini, elektroni zinahamia huko, na taa inafifia ingawa umeme ni ule ule. LED nyekundu za kwanza zilizouzwa kwa wingi, zile za vikokotoo na saa za miaka ya 1970, zilikuwa na fosforasi kama asilimia 40. Watengenezaji walisimama karibu kabisa na ukingo, wakachukua rangi waliyoweza kabla ya bonde kugeuka.

Waliotaka kijani na manjano walitumia hila ambayo mimi naiona ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi katika fizikia ya vitu vigumu. Walitia naitrojeni kidogo. Naitrojeni iko safu moja na fosforasi katika jedwali la elementi, kwa hiyo ikikaa mahali pa fosforasi haiongezi elektroni wala haipunguzi. Inachofanya ni kuishika elektroni inayopita na kuibana katika eneo dogo sana. Elektroni iliyobanwa mahali padogo haiwezi kuwa na momentamu moja iliyo dhahiri. Momentamu yake hutawanyika, na sehemu ya mtawanyiko huo hufika kwenye sifuri. Sehemu hiyo inaweza kuanguka wima bila kungoja fononi. Taa za kijani kwenye redio na chaja za zamani zilifanya kazi hivyo. Mwanga wake ulikuwa wa kuonyesha tu kuwa chombo kimewaka, si wa kusomea.

Buluu ilichelewa kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Silikoni kabidi ina pengo pana la kutosha, na mwanga wake ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1907 na Mwingereza Henry Round. Lakini pengo lake ni la mshazari, na LED za buluu zilizotokana nayo mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa hafifu mno. Njia ilikuwa galiamu nitridi, yenye pengo nyoofu na inayobaki nyoofu hata ikichanganywa na indiamu ili kushusha rangi hadi buluu ya nanomita 450. Kazi ya kukuza fuwele yake safi iliwachukua Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura miaka mingi, LED ya buluu yenye nguvu ikatangazwa mwaka 1993, na Tuzo ya Nobel ya fizikia ikawafikia mwaka 2014. Tabaka linalotoa mwanga katika LED hizo lina unene wa nanomita 3 hivi. Yale manjano unayoyaona juu ya kitone ni unga unaomeza sehemu ya buluu na kuitoa ikiwa ya manjano, na jicho likichanganya rangi hizo mbili linaona nyeupe.

Majaribio ya kuifanya silikoni iwake hayajakoma. Mwaka 2020 kundi la Erik Bakkers katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, lilikuza nyuzi za silikoni na jemaniamu ambamo atomi zimejipanga kwa pembe sita badala ya mpangilio wa kawaida. Kwa mpangilio huo bonde la elektroni linahamia kwenye sifuri, na nyuzi hizo zilitoa infraredi kama semikondakta ya pengo nyoofu. Wanaotaka teknolojia hii hasa ni watengenezaji wa chipu, ambao hadi leo wakihitaji leza juu ya silikoni hulazimika kubandika kipande cha indiamu fosfidi.

Nilisema fizikia haikatazi silikoni kutoa mwanga, na kuna mahali ambapo mwanga huo hafifu unatumika kila siku. Paneli ya sola ikiwekwa gizani na kuingiziwa umeme kutoka nje, chanya kwenye chanya na hasi kwenye hasi, seli zake zote zinawaka. Wakati huo paneli ni LED kubwa, mbovu, ya infraredi yenye kilele karibu na nanomita 1,150. Macho hayaoni chochote. Kamera ya kawaida iliyoondolewa kichujio cha infraredi inaweza kuuona, lakini kwa kuiacha wazi kwa sekunde kadhaa, kwa sababu kihisi cha kamera nacho ni silikoni na kinaumeza mwanga wa silikoni mwenzake kwa shida. Mwaka 2005 Takashi Fuyuki na wenzake huko Japani walionyesha kwamba picha ya mwanga huo ni ramani ya afya ya seli. Leo viwanda vya paneli hupiga picha za aina hiyo kabla ya kufunga mzigo.

Picha yenyewe inasomeka hata na asiye mtaalamu. Seli nzima inaonekana kijivu kinachong'aa kwa usawa. Mahali penye kasoro nyingi pana wingu la giza, kwa sababu elektroni zimeshuka kwa njia ya joto kabla ya kukutana na fononi. Ufa unaonekana kama mstari mweusi mwembamba, mara nyingi wenye umbo la herufi X ikiwa kitu kilibonyeza seli katikati. Na ikiwa ufa umekata nyuzi za fedha zinazokusanya umeme, kipande kizima upande wa pili wa ufa kinakuwa cheusi kabisa: hakipati umeme wakati wa kipimo, na mchana hakitoi. Juu ya kioo huoni kitu. Paneli inang'aa kama mpya.

Seli hizo zina unene wa kama milimita 0.15. Ni nene mno ukilinganisha na LED, kwa sababu pengo la mshazari linadai hivyo, lakini ni nyembamba kiasi kwamba zinavunjika ndani ya paneli bila kioo cha juu kupata hata mkwaruzo. Wanaozivunja mara nyingi ni sisi: fundi anayetembea juu ya paneli akifunga nati, kijana anayeibeba kwa kuilaza kichwani, dereva anayezipanga bapa bila kuzibana kwenye barabara ya makorongo. Unaponunua paneli, ibebe ikiwa imesimama kwa ubavu, ishike kwenye fremu kwa watu wawili, na ukimwona fundi anapanda juu yake kwa miguu, mshushe, hata kama anakuhakikishia kuwa kioo hakijavunjika.